Usiku wa Ijumaa au Usiku wa Kuamkia Jumamosi? Kubadilishana Zamu Wodini na Kumjulisha Inchaji

Rosta ya wodi huwa imebandikwa karibu na meza ya wauguzi, na kila anayepita huangalia mstari wake tu. Anahesabu naiti zake, anatafuta ofu zake, anaondoka. Hilo linatosha kwa mtu anayefuata zamu alizopangiwa. Anayetaka kubadilishana na mwenzake anahitaji kusoma mistari miwili kwa pamoja, wake na wa mwenzake, na asome siku kadhaa kabla na siku kadhaa baada ya ile anayoiomba. Mabadilishano mengi yanayoishia kwa wodi kukosa mtu yaliharibika hapo, kabla hata inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, hajaambiwa neno.

Tuchukue mfano mmoja wa hapa Mwanza na tuufuate mpaka mwisho. Wodi yetu ina zamu tatu. Asubuhi ni saa 2:00 hadi saa 8:00 mchana, mchana ni saa 8:00 hadi saa 2:00 usiku, na usiku, yaani naiti, ni saa 2:00 usiku hadi saa 2:00 asubuhi. Saa za kwenu huenda ni nyingine, lakini hesabu ni ileile. Kwenye rosta zimeandikwa A, M na U.

Dada mmoja anayekaa Buhongwa ana naiti mbili mfululizo, Alhamisi tarehe 11 na Ijumaa tarehe 12. Arobaini ya babu yake ni Jumamosi asubuhi, Nansio. Kwa hiyo anataka kutoka naiti ya Alhamisi, alale kidogo, apande meli Ijumaa mchana, naye mtu mwingine amshikie naiti ya Ijumaa. Ombi ni dogo, na karibu kila mwezi linatokea wodini. Tuone linavyoweza kuharibika.

Nani anaweza kushika

Wa kwanza anayemjia akilini ni rafiki yake, aliyepangiwa zamu ya mchana Ijumaa hiyohiyo. Atakuwa wodini tayari, kwa hiyo inaonekana rahisi aunganishe tu. Lakini kuunganisha mchana na naiti ni saa 18 mfululizo, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Inchaji akikubali, kosa linakuwa la mwajiri. Ndiyo maana atakataa, hata kama wote wawili mmeridhika kwa roho safi.

Wa pili ana zamu ya asubuhi Ijumaa. Anatoka saa 8:00 mchana na naiti inaanza saa 2:00 usiku, kwa hiyo anabaki na saa 6 za kwenda nyumbani, kula, kulala na kurudi. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo kinataka saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Zipo hali chache ambazo mapumziko hayo yanaweza kushuka hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, lakini saa 6 hazifiki hata hapo. Na kabla ya sheria kuna mgonjwa. Saa 10 za alfajiri, muuguzi ambaye hajalala ndiye anayesoma mililita 5 mahali palipoandikwa 0.5.

Wa tatu ana ofu Ijumaa, ila Jumamosi amepangiwa mchana. Huyu ndiye anayewaponyoka wengi, kwa sababu siku inayoombwa iko wazi kabisa kwenye mstari wake. Akishika naiti ya Ijumaa atatoka Jumamosi saa 2:00 asubuhi, kisha atatakiwa tena saa 8:00 mchana. Ni saa 6 zilezile, safari hii zimejificha upande wa pili wa naiti. Ukitazama tarehe moja tu hutaziona.

Wa nne ni kaka anayekaa Igoma. Hii ndiyo mistari yao miwili:

Dada wa Buhongwa: Alhamisi 11 U, Ijumaa 12 U, Jumamosi 13 anatoka naiti, Jumapili 14 ofu, Jumatatu 15 A, Jumanne 16 A, Jumatano 17 ofu, Alhamisi 18 ofu, Ijumaa 19 M.

Kaka wa Igoma: Alhamisi 11 A, Ijumaa 12 ofu, Jumamosi 13 ofu, Jumapili 14 M, Jumatatu 15 M, Jumanne 16 A, Jumatano 17 U, Alhamisi 18 anatoka naiti.

Kaka huyu anamaliza kazi Alhamisi saa 8:00 mchana, na naiti ya Ijumaa inaanza saa 2:00 usiku wa kesho yake. Hapo katikati kuna saa 30. Akitoka Jumamosi saa 2:00 asubuhi, kazi yake inayofuata ni Jumapili saa 8:00 mchana, saa 30 nyingine. Sheria inataka pia kila wiki mtu apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika, na hizo saa 30 za Jumamosi kuingia Jumapili zinamtosha. Limebaki jambo moja la kuhesabu, nalo ni jumla ya wiki, kwa sababu kikomo cha kawaida ni saa 45. Kama Jumatatu, Jumanne na Jumatano kabla ya hapo alifanya zamu tatu za saa sita sita, jumla ni 18. Ongeza Alhamisi 6 na Jumapili 6, inakuwa 30. Ongeza naiti ya Ijumaa yenye 12, inafika 42. Anapita. Angekuwa na zamu moja zaidi angefika 48, na saa tatu za juu zingekuwa ovataimu ambayo hakuna aliyeiidhinisha. Mhasibu angeuliza.

Kuna mambo mawili ambayo rosta haiyaonyeshi, na dada anapaswa kuyajua kabla ya kumwomba mtu yeyote. La kwanza ni ngazi na ujuzi. Naiti haitaki idadi ya vichwa tu. Inchaji alipopanga alihakikisha kila usiku yupo angalau mmoja mwenye uzoefu wa wodi ile, na katika wodi ya wazazi yupo anayeweza kuzalisha bila kusimamiwa. Ukimtoa mzoefu na kumwingiza aliyeajiriwa juzi, idadi imebaki ileile lakini zamu imepungua nguvu. Kwa hiyo tazama pia majina ya wengine wa usiku huo. La pili ni afya. Sheria hairuhusu mjamzito kufanya kazi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe yake ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua, na aliyethibitishwa na daktari kuwa kazi ya usiku haimfai naye haruhusiwi. Mwenzako akisema tu kwamba naiti hawezi, usimdodose. Mwombe mwingine.

Kumwomba mwenzako, na tatizo la jina la usiku

Hapa Kiswahili chenyewe kinaleta kazi. Ukimwambia mtu "nishikie usiku wa Jumamosi", unamaanisha usiku upi? Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua linapozama, ndiyo maana saa 1 ya usiku inakuja baada ya magharibi. Kwa mzee wa pwani, na kwa wengi waliolelewa na hesabu hiyo, usiku wa Jumamosi ndio ule unaotangulia mchana wa Jumamosi, yaani usiku unaoanza Ijumaa jioni. Kwa kijana aliyezoea kalenda ya simu, usiku wa Jumamosi unaanza Jumamosi saa 2:00 usiku. Wote wawili wanasema Kiswahili sanifu, na wamepishana saa 24 nzima. Watangazaji wa habari wameliona hilo zamani, ndiyo maana husema "usiku wa kuamkia Jumamosi". Wodini ukiliacha neno hili lielee, Ijumaa saa 2:00 usiku meza ya wauguzi itakuwa na pengo, na Jumamosi saa 2:00 usiku watakuja watu wawili.

Kuna pia mgongano wa saa zenyewe. Rosta iliyochapwa kwa kompyuta huandika 20:00, sisi tunasema saa mbili, na saa mbili ziko mbili. Kwa hiyo katika ujumbe wa kubadilishana zamu, andika siku inayoanza, tarehe, saa pamoja na neno usiku au asubuhi, halafu siku inayoisha. Ujumbe utakuwa mrefu kidogo na hautakuwa na ladha, lakini hautahitaji kufasiriwa.

Ombi la dada kwa kaka linaweza kuwa hivi:

"Kaka habari za mchana, pole na kazi. Nina ombi. Nina arobaini ya babu Nansio Jumamosi tarehe 13 asubuhi. Naomba unishikie zamu yangu ya usiku inayoanza Ijumaa tarehe 12 saa 2:00 usiku na kuisha Jumamosi tarehe 13 saa 2:00 asubuhi. Mimi nitashika yako ya usiku inayoanza Jumatano tarehe 17 saa 2:00 usiku na kuisha Alhamisi tarehe 18 saa 2:00 asubuhi. Nimeangalia rosta, kote kuwili tunapata mapumziko. Kama haikufai niambie tu bila wasiwasi, nitamwomba mwingine. Ukikubali nitamwandikia Mama Inchaji leo jioni."

Zamu ya kulipa imo ndani ya ombi lenyewe. "Nitakulipa siku moja" ni deni lisilo na tarehe, na rosta ya mwezi ujao ikitoka kila mtu ana hesabu mpya. Anayedai anaona aibu kudai, anayedaiwa amekwisha sahau, na mwezi wa tatu watu wawili waliokuwa wakisaidiana hawashikiani zamu tena. Deni lilipwe ndani ya rosta iliyopo ukutani.

Hapa naiti inalipwa kwa naiti, na hilo lina sababu ya fedha pia. Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Katika naiti yetu ya saa 12, saa 10 ni za usiku kisheria. Mkibadilishana naiti kwa naiti ndani ya mwezi mmoja, hakuna anayepoteza. Mkibadilishana naiti kwa zamu mbili za asubuhi, saa zinalingana, 12 kwa 12, lakini nyongeza ya usiku inahama mtu, na mwisho wa mwezi mmoja atahisi ameibiwa. Sikukuu ni vilevile. Kazi ya sikukuu ya umma inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kwa hiyo sikukuu ilipwe kwa sikukuu. Hapa kwetu utaratibu huo umezoeleka vizuri, Mkristo anashika Idi na Mwislamu anashika Krismasi, na ni katika mambo mazuri kabisa ya kazi hii. Ila Idi inafuata mwandamo wa mwezi. Usiandike "nitakushikia siku ya Idi". Andika tarehe zote mbili zinazowezekana na umwulize mwenzako kama anaziweza zote, kwa sababu mwezi ukionekana au usipoonekana, saa ya kutafuta mtu mwingine haitakuwepo.

Na kwa nini Jumatano tarehe 17, si Jumapili tarehe 14 ambayo dada ana ofu? Kwa sababu ya ziwa. Mwanza hadi Nansio kwa meli ni saa kadhaa hali ikiwa shwari, na upepo ukichafuka safari inasogezwa. Anayezunguka kwa Bunda naye anasubiri pantoni ya Kisorya kuvuka kwenda Rugezi. Wanaotoka Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu Daraja la Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lakini Ukerewe bado ni maji pande zote. Akiahidi kuingia kazini Jumapili, siku anayorudi, atakuwa ameiweka wodi rehani kwa upepo wa ziwa. Zamu ya kulipa iwekwe siku ambayo uko mjini tangu jana yake.

Kaka akijibu "poa" au dole gumba, bado hajajibu. Mwombe arudie tarehe kwa maneno yake: "Sawa dada, mimi Ijumaa 12 usiku, wewe Jumatano 17 usiku." Tarehe zikirudi sawasawa, mmekubaliana. Zikirudi tofauti, mmeokoa usiku mmoja wa wodi.

Kumjulisha inchaji

Makubaliano yenu wawili hayajabadilisha rosta. Mpaka inchaji aseme ndiyo, naiti ya Ijumaa bado ni ya dada, na asipotokea ni yeye aliyetoroka. Hili watu hulichukulia kama urasimu. Lakini inchaji ndiye anayepigiwa simu saa 5 usiku wodi ikielemewa, na ndiye atakayeulizwa nani alikuwa zamu kama kuna jambo limetokea kwa mgonjwa. Anahitaji kujua mapema, na anahitaji jambo likiwa limeiva, lisiwe tatizo la yeye kulitatua. Ukimwandikia "Mama, Ijumaa sitaweza kuja, naomba unisaidie mtu", umemtwika kazi. Mwenzako akiwa amekwisha kubali, inchaji anabaki na jambo moja tu la kusema, ndiyo au hapana.

Heshima hapa ina mtego wake. Wengi wetu tunaandika "Shikamoo Mama", tunatuma, tunasubiri marahaba. Inchaji yuko kwenye kikao, anaona salamu, anasema atajibu baadaye. Marahaba inafika saa 3 usiku. Wewe sasa unaona usiku umeenda, unasubiri kesho. Siku mbili zimepita na yeye hajui lolote. Kwenye simu ya maandishi, shikamoo na shida yako zisafiri pamoja. Atakuitikia na kukujibu kwa mkupuo mmoja, na hutakuwa umemkosea adabu.

Mtego mwingine ni unyenyekevu unaozidi hadi unameza tarehe. Mistari sita ya samahani kwa usumbufu, najua una majukumu mengi, sikupenda kukusumbua, na tarehe imetupwa mwishoni ambako simu inaandika "soma zaidi". Heshima iwe kwenye salamu na kwenye ombi, katikati kuwe na jambo lenyewe:

"Shikamoo Mama. Naomba kibali chako kubadilishana zamu na mwenzangu. Yeye atashika zamu yangu ya usiku inayoanza Ijumaa tarehe 12 saa 2:00 usiku hadi Jumamosi tarehe 13 saa 2:00 asubuhi. Mimi nitashika yake ya usiku inayoanza Jumatano tarehe 17 saa 2:00 usiku hadi Alhamisi tarehe 18 saa 2:00 asubuhi. Sababu ni arobaini ya babu, Nansio. Tumeangalia mapumziko, kila mmoja anapata zaidi ya saa 12 kabla na baada, na wiki ya mwenzangu inafika saa 42. Yeye atakuthibitishia mwenyewe kwa ujumbe. Ukiona kuna tatizo na mpangilio wa usiku huo nitafuata utakavyoelekeza. Asante Mama."

Kwenye ujumbe halisi, mahali pa "mwenzangu" weka jina lake kamili, maana wodi inaweza kuwa na akina Neema watatu. Na angalia neno lililochaguliwa: "naomba kibali". "Nakujulisha kwamba nimebadilishana" ni Kiswahili safi, lakini kinamwambia mkubwa wako kuwa umemaliza bila yeye. Sababu nayo iwe ya mstari mmoja. Haina haja ya kueleza ukoo mzima wala kuambatisha picha ya kaburi. Inchaji anaamua kwa kuangalia wodi, na sababu ndefu humlazimisha kupima msiba wako, jambo ambalo hakuna anayelipenda.

Ujumbe wa kaka ni mfupi: "Shikamoo Mama. Nathibitisha nimekubali kushika naiti ya Ijumaa tarehe 12, na mwenzangu atashika yangu ya Jumatano tarehe 17." Usiukwepe kwa kisingizio kwamba inchaji ana picha ya mazungumzo yenu. Akishakubali, naiti ya Ijumaa inakuwa ya kaka kweli kweli. Akiugua Ijumaa asubuhi, yeye ndiye wa kumpigia inchaji, na dada aliye ndani ya meli hana wajibu wa kushuka. Mzigo unaohama namna hiyo lazima mwenye kuupokea aseme kwa kinywa chake.

Usianzie kwenye kundi la wodi la WhatsApp. Inchaji akiona mabadilishano kwanza kwenye kundi, mbele ya wote, anabaki na njia mbili mbaya, akubali jambo ambalo hajalipima au akukatalie hadharani. Andika kwake kwanza. Akishakubali, ndipo uweke mstari mmoja kwenye kundi ili wa zamu ya mchana Ijumaa wajue wanamkabidhi nani.

Hao wa zamu ya mchana ndio husahaulika. Saa 2:00 usiku wanasubiri mtu wa kupokea ripoti kitanda kwa kitanda, na funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa haziachwi mezani. Zinahesabiwa dawa, wanasaini wawili, anayetoa na anayepokea. Kama wanamtarajia dada na hawamwoni, wataanza kumpigia simu isiyopatikana katikati ya ziwa, huku kaka yupo chumba cha kubadilishia nguo anavaa sare. Nusu saa ikipotea hapo, wa mchana anayekaa Kisesa amekosa daladala, na bodaboda ya usiku ataigharimia mwenyewe.

Rosta ya ukutani nayo irekebishwe, na anayeirekebisha ni inchaji au aliyemruhusu. Mstari mmoja juu ya jina la zamani ili liendelee kusomeka, jina jipya pembeni, saini na tarehe. Rangi nyeupe ya kufutia isitumike, kwa sababu rosta ni kumbukumbu na mkaguzi hataki kubahatisha kilichokuwa chini yake. Kwenye daftari la mahudhurio kaka anaandika jina lake mwenyewe, hata kama nafasi ya usiku huo imechapwa jina la dada. Kusaini kwa niaba ya mwenzako, kwa nia njema kabisa, ni kughushi. Mahali penye mashine ya kidole, mwambie inchaji aone kama mfumo unahitaji kubadilishwa, la sivyo mwisho wa mwezi dada ataonekana mtoro na kaka ataonekana amekuja siku ya ofu.

Inchaji akisema hapana, na dharura ya jioni

Hapana ya inchaji mara nyingi ina kitu ambacho rosta haikuonyesha. Huenda kaka ameitwa kwenye mafunzo Jumamosi hiyo, au kuna mwingine wa usiku ule aliyekwisha omba ruhusa. Jibu zuri ni swali moja: "Sawa Mama, nimekuelewa. Je, nikimpata mwingine mwenye uzoefu wa wodi hii, utaniruhusu?" Usirudi na ombi lilelile kwa maneno mapya, na usipite kwa matroni bila yeye kujua.

Dharura ni habari nyingine. Ijumaa saa 11 jioni mtoto amepata degedege, inchaji simu haipatikani, na kaka yuko tayari kuja. Hapo kubadilishana kunatangulia na taarifa inafuata, lakini hiyo haina maana ya kukaa kimya. Piga kwanza kwa msimamizi wa zamu wa hospitali usiku huo, kwa sababu yeye ana mamlaka ya kukubali na jina lake litakuwa kwenye kumbukumbu. Kisha mwandikie inchaji papo hapo, hata kama ujumbe utakaa bila kusomwa hadi asubuhi. Saa ya ujumbe inaonyesha kwamba hukuficha:

"Shikamoo Mama. Nimekupigia saa 11:10 na 11:25 jioni sikukupata. Mtoto wangu amepata degedege, niko naye hospitali. Zamu yangu ya usiku ya leo Ijumaa tarehe 12 ameishika mwenzangu. Msimamizi wa zamu amejulishwa saa 11:40 na amekubali. Mwenzangu alikuwa ofu leo na kesho pia. Naomba radhi kwa kutokupata kibali chako kwanza. Nitakuja kukuona nikirudi kazini."

Na kweli uende. Siku ya kwanza unayorudi, kabla ya kupokea ripoti, pita mezani kwake na useme kwa mdomo. Hapo ndipo shikamoo inasubiri marahaba yake. Eleza kwa sentensi mbili, mwonyeshe tarehe mliyokubaliana kulipana, mwombe aiandike kwenye rosta. Ikiwa zamu ya kulipa haijapangwa bado, ipangeni hapo hapo mkiwa na rosta mbele yenu, kwa sababu yeye anaona mistari yote na ninyi mnaona miwili.

Kwa dada wetu wa Buhongwa mambo yanafungwa Alhamisi tarehe 18, saa 2:00 asubuhi, anapokabidhi naiti aliyomlipa kaka. Anasaini jina lake, anahesabu dawa na wa asubuhi, anatoa funguo. Kisha anamwandikia kaka, na nakala kwa inchaji: "Naiti ya tarehe 17 nimeimaliza na kukabidhi salama. Tumelipana. Asante sana kaka, na Mama asante kwa kibali."